Pampu 80 ambazo daftari halikuziona

Kiwanda chetu cha pampu kilipoanza kupokea vipuri asubuhi na kuvifunga siku hiyohiyo, niliendelea kuandika hati za kutoa mali stoo kama zamani. Pampu ilikuwa imeshapakiwa kabla sijaingiza hati ya vipuri vyake. Ndipo nikahamia kukokotoa gharama kwa kurudi nyuma: naandika mali inaponunuliwa, kisha pampu inapokamilika. Katikati siandiki mwendo wowote wa mali.

Stoo na kazi iliyo njiani nikaziunganisha kuwa akaunti moja, "malighafi na kazi njiani". Tulianza bila salio. Mwezi wa kwanza tulinunua vipuri vya 408,000: debiti akaunti hiyo, krediti wadai. Mishahara, umeme na gharama nyingine za kiwandani, jumla 256,000, niliziweka debiti kwenye akaunti ya gharama za kiwanda.

Pampu 10,000 zilipokamilika nilitumia gharama tuliyoipanga kwa kila moja: vipuri 40, kiwanda 25. Bidhaa zilizokamilika debiti 650,000. Krediti malighafi na kazi njiani 400,000, na gharama za kiwanda 250,000. Zile 6,000 zilizozidi nikazihamishia gharama ya mauzo.

Lililonisumbua ni salio la 8,000 kwenye malighafi. Lilimaanisha vipuri vya pampu 200 bado vipo. Tukahesabu rafu na mstari mzima tukapata vya 120 tu. Kando ya meza ya majaribio palikuwa na rundo la magamba yenye nyufa. Nikamuuliza msimamizi.

"Hizo zilivuja, dada. Tunazitupa kila jioni."

Hapo nikaelewa. Njia hii huhesabu pampu zilizofaulu tu. Zamani fundi aliyeharibu kipuri alilazimika kuandika hati ya kuomba kingine, nasi tukajua. Sasa anachukua kingine kimyakimya. Nikaandika debiti hasara ya uharibifu 3,200, krediti malighafi na kazi njiani 3,200. Tukaweka kreti na kadi pale mezani, idadi ya zilizovuja inanifikia kila jioni, na mali tunaihesabu kila wiki.

Miezi michache baadaye mpira mmoja wa kuzuia maji ulichelewa, na mwisho wa mwezi pampu 900 zikabaki nusu. Akaunti ilibeba vipuri vyake tu, ilhali kazi iliyokwisha kufanyika ilionekana kama gharama iliyozidi. Kanuni ya kimataifa ya uhasibu wa mali ghalani, IAS 2, inataka gharama hiyo iwe ndani ya thamani ya mali, na kwa wingi ule sikuweza kuipuuza. Tulikadiria kazi imefika nusu, 12.5 kwa kila pampu, nikarudisha 11,250 kwenye mali wakati wa kufunga hesabu, kisha nikaligeuza ingizo hilo siku ya kwanza ya mwezi uliofuata ili pampu zikikamilika zisihesabiwe mara mbili.