Faida yangu wameikalia wao

"Kwani faida yako hukuipata, kaka?"

Tangu Jumanne sentensi hiyo haijanitoka kichwani. Mhasibu wa mkandarasi mkuu aliisema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeuliza saa. Nilikuwa nimempigia kuulizia ile ritensheni, yaani fedha walizozuia kwenye malipo yetu ya mabomba ya jengo la ofisi, hadithi ambayo ninyi mnaonisoma mnaijua hadi mmeichoka. Nikamjibu, "Hiyo unayoishikilia ndiyo faida yenyewe." Akanyamaza kidogo, halafu akasema, "Basi andika barua, tutaangalia." Wiki hii tumehamisha karakana na Neema amepata chuo alichokitaka, lakini kila nikikaa peke yangu nairudia simu ile, na kila mara namjibu vizuri zaidi.

Ningemwambia hivi. Mkataba wetu ulikuwa wa milioni 80. Katika kila hati ya malipo mlikata asilimia 10, mpaka makato yakafika ukomo wake, asilimia 5 ya mkataba, yaani milioni 4. Tulipokabidhi kazi, Machi 2023, mkarudisha nusu. Milioni 2 zikabaki zisubiri kipindi cha matazamio cha miezi 12, ili bomba likivuja tusikimbie. Hilo sina ugomvi nalo, ni haki ya mwenye jengo. Lakini kazi kama yetu, ikienda vizuri, faida yake ni kama asilimia 5 au 6. Mafundi walishalipwa, na muuza vifaa hakunisubiri. Kwa hiyo mnachokikalia ni karibu nusu ya faida yote ya kazi ile. Hukuipata faida yako! Ningeipata wapi?

Alhamisi usiku nikakaa kuiandika hiyo barua. Rasimu ya kwanza ilikuwa na hasira za simu yote. Mama Neema akaisoma akiwa amesimama, akanirudishia: "Weka tarehe na karatasi, Baba Neema. Maneno watakujibu kwa maneno."

Ikabaki ukurasa mmoja. Juu nimeweka namba ya mkataba na kifungu kinachosema nusu ya pili ilipwe matazamio yakiisha na kasoro zikirekebishwa. Chini yake tarehe ya makabidhiano, tarehe ya mwisho wa matazamio, na namba ya cheti cha kurekebisha kasoro, ambacho msimamizi wa mradi alikisaini Aprili 2024. Kasoro ilikuwa moja tu, vali ya choo cha ghorofa ya tatu iliyokuwa ikitoa maji kwenye shina. Saidi aliibadilisha, na fomu ya kazi ina saini ya msimamizi wa jengo. Nimeiambatisha, kwa sababu najua deni la zamani likidaiwa kwa nguvu, kasoro mpya huanza kuzaliwa. Nimeandika wazi: kama kuna kasoro nyingine mnayoikatia fedha hizi, nitajieni ipi, na mlinijulisha lini ndani ya matazamio.

Aya niliyoipenda kuliko zote ni ya mwenye mradi. Siku zote wananiambia hajawaachia fedha hizo. Mkataba wangu nimeusoma upya kifungu kwa kifungu, na hakuna panaposema nilipwe wao wakishalipwa. Wala haukuifunga ritensheni yangu na kukamilika kwa jengo zima. Wenzangu, angalieni hapo kabla ya kusaini, maana wapo wanaosubiri miaka kwa sababu ya rangi au lifti ya mtu mwingine. Hata hivyo nimewauliza: kama hajawaachia, nipeni kwa maandishi namba ya hati mliyoombea fedha hizo na tarehe mliyoipeleka. Swali hilo wanaweza kulijibu kwa mstari mmoja. Wakilikwepa, nitajua fedha zilishafika kwao.

Mwisho nimetaja kiasi, akaunti na tarehe ya kulipa, na kwamba baada ya hapo nitafuata kifungu cha usuluhishi cha mkataba. Jana nimeipeleka mwenyewe. Sikumpa mhasibu, nimempa meneja mikataba, kwa sababu ndiye mkataba unayemtaja kupokea barua za madai. Nakala yangu ikagongwa muhuri wa kupokelewa, na tarehe inasomeka vizuri.

Nimelala vizuri mara ya kwanza wiki hii. Nilipokuwa narudi nyumbani niligundua kwamba naimba.

Ila Mama hapokei simu tangu asubuhi. Dada anasema amelala tu, dawa mpya ya presha inamchosha, na daktari alisema ndivyo itakavyokuwa mwanzoni. Nimemwambia ampime tena saa kumi na anitumie namba zote mbili.