Dawa za presha na nguvu za kiume: nilivyobadilishiwa vidonge

Huku Mikindani mwanaume akiacha dawa za presha hatangazi. Utasikia kadi imepotea, au "nimepumzika kidogo". Ukimbana sana atakwambia amepona. Sababu yenyewe mara nyingi iko chumbani, na hapo hakuna anayetaka kuifikisha.

Naelewa kwa nini. Presha haiumi. Unaambiwa unaumwa wakati unajisikia mzima, unapewa vidonge, kisha baada ya wiki chache unaanza kushindwa tendo la ndoa. Kwa hesabu ya kawaida kabisa, kilichokuletea ugonjwa ni dawa. Halafu kliniki yenyewe: presha inapimwa kwenye benchi la wazi, nesi ni umri wa binti yako, na nyuma yako amekaa shemeji yako. Utaanzia wapi kusema?

Mimi ni fundi seremala, nina miaka 54. Nilianzishiwa atenololi miligramu 50 na bendrofluazaidi, ile dawa ya kukojoza, miligramu 5, zote asubuhi. Presha ilishuka vizuri. Ila asubuhi nikawa naamka hakuna kitu, na usiku vilevile. Wenzangu bandarini walinielekeza supu ya pweza, mwingine akaniletea unga wa mizizi. Supu nilikunywa kwa sababu ni tamu. Unga niliuogopa, maana dawa za mitishamba za aina hiyo zimewahi kukutwa zimechanganywa kisirisiri na sildenafili, ile dawa ya hospitali ya nguvu za kiume, na mwenye presha hapaswi kumeza asichokijua kipimo chake.

Siku ya kliniki nilisubiri hadi watu wapungue, nikaingia na pakiti za vidonge mkononi. Nikazimwaga mezani.

"Dokta, kati ya hizi, ipi inaninyima haki yangu nyumbani?"

Hakucheka. Alifunga mlango, akaniuliza: "Mzee, ilianza kabla ya dawa au baada? Na alfajiri huwa unaamka imesimama?" Akaeleza kwamba anayeamka nayo imesimama lakini anashindwa akiwa na mkewe, mara nyingi shida yake ni mawazo. Asiyepata kabisa hata alfajiri, hapo inatazamwa mishipa ya damu, sukari au dawa. Yangu ilianza baada ya vidonge. Alinipima sukari, ikawa sawa.

Akasema vidonge vyangu vyote viwili viko katika makundi yanayolalamikiwa zaidi kwa jambo hili. Dawa nyingine za presha, amlodipini na losatani, kwa kawaida haziligusi, na losatani huenda hata ikasaidia kidogo. Lakini alinionya nisitupe atenololi siku hiyohiyo: ikikatwa ghafla moyo unaweza kwenda mbio, presha ikaruka juu, na mwenye matatizo ya moyo akabanwa kifua. Kwa hiyo nilianza amlodipini miligramu 5, bendrofluazaidi nikaiacha, na atenololi nikashushiwa hadi 25 kwa wiki mbili ndipo ikasimamishwa. Hii ilikuwa ratiba yangu. Aliyepewa atenololi kwa sababu ya moyo wenyewe huenda asiweze kuiacha.

Nilirudi kupimwa, nikakuta 150 kwa 94. Amlodipini peke yake haikutosha, nikaongezewa losatani 50. Baada ya hapo nikapimwa damu kuangalia figo na madini ya potasiamu, kwa sababu losatani inaweza kuyapandisha. Presha ikakaa chini ya 140 kwa 90. Vifundo vya miguu vinavimba kidogo jioni, hiyo ni amlodipini, naivumilia. Asubuhi zangu zilirudi taratibu, si kwa siku moja, wala si kama za kijana. Presha yenyewe ikikaa juu miaka mingi huharibu mishipa hiyohiyo inayopeleka damu kwenye uume, kwa hiyo anayeacha dawa ili ajiokoe anaharakisha kile anachokikimbia.

Niliuliza pia habari ya sildenafili. Jibu lilikuwa kwamba wengi wenye presha iliyotulia wanaruhusiwa kuitumia wakiandikiwa na daktari, isipokuwa anayetumia naitrati, zile dawa za maumivu ya moyo, nyingine huwekwa chini ya ulimi. Vikikutana viwili hivyo presha inaweza kuporomoka hadi kuua. Na kama unameza dawa za tezi dume, zitaje kabla.

Nilipomsimulia jirani yangu ambaye alikuwa ameacha dawa kimyakimya, naye aliamua kwenda kuomba abadilishiwe. Kumbe yeye alikuwa anameza amlodipini tangu mwanzo. Walipompima sukari ya asubuhi kabla ya kula ilikuwa juu, 11. Kidonge chake cha presha hakikubadilishwa. Alirudishiwa kilekile, akaongezewa cha sukari.