Nilivyofundisha michoro ya kani ya mrukaji wa mwavuli bila kukaririsha

Ushauri niliopewa na karibu kila mwalimu wa fizikia ni huu: chora picha tano ubaoni, wanafunzi wakariri, mtihani ukija wazinakili. Ushauri wa hovyo. Anayekariri picha huchanganyikiwa swali likigeuzwa kidogo tu, na utamwona anafupisha mshale wa uzito kadiri mrukaji anavyoshuka, kana kwamba mtu anapungua kilo njiani.

Mimi naanza na namba, mchoro unafuata. Mrukaji na vifaa vyake tunampa kilo 80. Tukichukua g kuwa 10, uzito wake ni 800 N, na utabaki 800 N tangu anatoka kwenye ndege hadi miguu inagusa ardhi. Kipimo cha mchoro ni sentimita 1 kwa kila 200 N, kwa hiyo mshale wa chini una sentimita 4 katika kila picha. Nawaagiza wauchore kwa rula kwenye picha zote kabla hawajagusa kitu kingine. Hatua hiyo peke yake inamaliza nusu ya makosa.

Mshale wa juu ndio wenye kazi. Hapa lazima utenganishe msuguano wa vitu vikavu na ukinzani wa hewa, maana vitabu vingi huviweka kapu moja na kupita. Ukisukuma kabati sakafuni, msuguano unabaki karibu uleule, usukume polepole au upesi. Hewa haiko hivyo. Ukinzani wake unafuata mraba wa kasi: kasi ikiwa mara mbili, ukinzani unakuwa mara nne. Kama hewa ingekuwa na tabia ya sakafu, kusingekuwa na kasi ya kikomo hata kidogo. Mrukaji angezidi kuchapuka mpaka chini.

Mtu anayeanguka kifudifudi, mikono na miguu ameitanua, hufikia kikomo kwenye mita 50 hadi 55 kwa sekunde. Tunatumia 50. Kwa kasi hiyo ukinzani lazima uwe 800 N, kwa hiyo ukinzani = 0.32 × v². Ukishapata hiyo 0.32, mwanafunzi anajitengenezea picha zake mwenyewe:

```
kasi (m/s)        0     10     25     40     50
ukinzani (N)      0     32    200    512    800
kani tokeo (N)  800    768    600    288      0
mchapuko       10.0    9.6    7.5    3.6      0
```

Angalia safu ya 10 m/s. Mshale wa juu hautimizi hata milimita 2. Wengi wanataka kuurefusha ili "uonekane". Wakatalie. Kwa sekunde ya kwanza hewa karibu haina la kusema, na mchoro uonyeshe hivyo. Picha tatu za kuchora zinakuwa hivi, kila mstari ni 200 N:

```
 0 m/s     25 m/s     50 m/s
                        ^
                        |
                        |
              ^         |
   o          o         o
   |          |         |
   |          |         |
   |          |         |
   v          v         v
```

Kwenye picha ya tatu kani tokeo ni sifuri, na hapo ndipo lazima mtu aseme "basi amesimama". Hajasimama. Anashuka kilomita 180 kwa saa. Kilichosimama ni mabadiliko ya kasi.

Sasa mwavuli unafunguka, na hapa ndipo ninapopapenda. Chini ya mwavuli uliotanuka mtu hushuka kama mita 5 kwa sekunde. Kasi imekuwa sehemu ya kumi, kwa hiyo ile 0.32 imekuwa 32, mara mia. Waulize darasa: mwavuli ukitanuka wote kwa mara moja akiwa bado kwenye 50 m/s, ukinzani ni kiasi gani? 32 × 2500 ni 80,000 N. Kwa kipimo chetu mshale huo una urefu wa mita 4. Unatoka kwenye daftari, unavuka dawati, unafika kwa jirani. Waache wauchore kwa chaki sakafuni, hawatausahau. Halafu uliza mwili gani unaweza kuhimili kuvutwa kwa kani ya mara mia ya uzito wake.

Hakuna. Ndiyo maana miavuli ya mstatili wanayotumia warukaji wa leo ina kipande cha kitambaa chenye pete kinachopitiwa na kamba. Kikiwa juu, kinabana kamba pamoja na kuuzuia mwavuli usitanuke. Hewa inakisukuma kibaki juu, huku mwavuli unaojaa ukizitanua kamba na kukishusha taratibu kwa sekunde kama 3 hivi. Ukinzani ukifika, tuseme, 2,400 N, mshale wa juu ni sentimita 12, wa chini ni 4 zilezile, kani tokeo ni 1,600 N kwenda juu. Kasi inapungua kwa mita 20 kila sekunde. Mkunjo ukikosewa na kitambaa hicho kikashuka mapema, ndipo watu wanaumia shingo.

"Kani inaelekea juu, basi anapaa," watakwambia, na watataja video walizoziona. Kwenye video mpiga picha bado anaanguka kwa 50 m/s, mwenzake amepungua, ndiyo maana anaonekana kurushwa angani. Wote wawili wanashuka. Kani tokeo inaonyesha kasi inabadilika kuelekea wapi, haionyeshi mtu anaenda wapi. Kwa wenye akili nyepesi naongeza Felix Baumgartner, aliyeruka mwaka 2012 kutoka karibu kilomita 39. Juu kule hewa ni nyepesi mno, akapita kilomita 1,350 kwa saa, kisha akaanza kupungua kasi kabla ya kufungua mwavuli, kwa sababu alikuwa anaingia kwenye hewa nzito zaidi. Mshale mrefu wa juu, mwavuli bado mgongoni.

Kwa vitendo, achana na mwavuli wa mfuko wa rambo na nyuzi nne. Ukidondosha kutoka mezani hautanuki kabla ya kufika chini. Ukitanuka, unayumba, maana hewa inamwagikia upande mmoja. Toboa tundu la sentimita 2 katikati, utatulia. Hata ukitulia, saa ya simu haisaidii: kidole kinachelewa kama sehemu mbili za kumi za sekunde kwenye anguko la sekunde moja.

Nunua karatasi za kuokea keki ndogo, pakiti ni elfu mbili au tatu. Pachika nne, moja ndani ya nyingine: uso unaopigwa na hewa ni uleule, uzito mara nne, hivyo kasi ya kikomo ni mara mbili. Sasa shika moja kwenye mita 1 na zile nne kwenye mita 2, ziachie pamoja. Zinatua karibu kwa pamoja, bila saa yoyote, sikio linatosha. Zima pangaboi kwanza, na midomo ya karatasi ielekee juu, la sivyo inapinduka. Zile nne zitachelewa kidogo tu, kwa sababu zinahitaji muda zaidi kufikia kikomo chao. Zishushe kama sentimita 15, mlio unakuwa mmoja. Ukipata ngazi, pachika tisa na uziachie kutoka mita 3, nazo zishushe kama mara tatu ya zile nne.