Cherehani ya Mama kutoka Bukavu hadi Goma: kumbukumbu ya mradi wangu wa video

Kabla ya safari

Mama anamtumia mdogo wake cherehani ya kukanyaga, ile ya meza ya mbao na miguu ya chuma. Inatoka kwetu Kadutu, mtaani Bukavu, inaenda Goma, na mimi ndiye nitakayeisindikiza kwenye meli. Nimeamua safari hii iwe video yangu ijayo.

Video nyingi za Ziwa Kivu zina picha nzuri sana: maji, visiwa, mawingu juu ya volkano ya Nyiragongo. Ila ukizima muziki, kipande cha tatu unaweza kukihamishia mwishoni na hakuna atakayegundua. Mimi ninataka video ambayo kipande kikitolewa mahali pake, mtazamaji aone kuna kitu kimekosekana. Kwa hiyo uzi wangu ni cherehani yenyewe. Kila nikitoa simu mfukoni nitauliza kwanza: sasa hivi iko mikononi mwa nani? Kama jibu halijabadilika tangu kipande kilichopita, nina ruhusa ya kupiga ziwa na milima. Likibadilika, napiga makabidhiano kabla ya kitu kingine chochote: mikono inayoachia na mikono inayopokea, ndani ya fremu moja.

Mama amekifunga kichwa cha cherehani kwa kitenge chekundu chenye miduara ya njano, ili kisikwaruzwe. Kitenge hicho kitanisaidia kuliko kamera ya bei. Kwenye sitaha iliyojaa magunia, madumu na mabegi, jicho litakiona mara moja hata kikiwa kidogo pembeni, na mtazamaji atajua bado tuko kwenye hadithi ileile.

Leo asubuhi nimerekodi picha ya kwanza. Mama anakanyaga kwa mara ya mwisho, sindano inashuka na kupanda, halafu anasimama na kuniambia: “Ikifika, umwambie mdogo wangu aitie mafuta kwanza. Asiikanyage ikiwa kavu.” Sikumwomba aseme hivyo. Sasa video ina swali tangu sekunde zake za mwanzo: itafika salama, na itashona?

Safarini

Jambo lililonishughulisha zaidi kwenye meli ni mwelekeo wa picha, na nitalieleza kwa kirefu kwa sababu ndilo linalovuruga video nyingi za safari.

Kutoka Bukavu kwenda Goma unapanda kaskazini. Meli yetu ilipita kati ya kisiwa cha Idjwi na pwani ya Kalehe, kwa hiyo Kalehe ilikuwa kushoto na Idjwi kulia. Ukisimama ukingo wa kushoto na kuielekeza simu Kalehe, kaskazini iko mkono wako wa kulia. Kwenye kioo cha simu, milima inateleza kwenda kushoto na meli inaonekana kwenda kulia. Vuka sasa uende ukingo wa kulia, piga Idjwi: kila kitu kinageuka. Kisiwa kinateleza kwenda kulia na meli inaonekana kwenda kushoto. Wewe uliyeko melini huhisi tofauti yoyote, maana mwili wako unajua mnakwenda wapi. Mtazamaji hana mwili huo. Ana kioo tu, na kioo kinamwambia meli imegeuza.

Niliamua tangu nyumbani kwamba Goma iko upande wa kulia wa kioo. Kila kinachosafiri katika video hii kinatoka kushoto kwenda kulia: kijana aliyebeba meza ya cherehani kichwani akiteremka mlima wa Kadutu, gari, meli, na baadaye chukudu, ule mkokoteni wa mbao wa magurudumu mawili unaosukumwa kwa mguu. Asubuhi uamuzi huo ulinipa faida ya pili. Jua lilikuwa mashariki, nyuma yangu nikiwa ukingo wa kushoto, hivyo milima ya Kalehe ilikuwa na mwanga mzuri, mashamba yanaonekana hadi juu. Upande wa Idjwi ulikuwa kinyume cha jua. Kisiwa kilikuwa kivuli cheusi na maji yanang’aa kupita kiasi. Kwa meli ya alasiri mambo yangekuwa kinyume, na pengine ningechagua kioo kiende kushoto.

Lakini Idjwi sikuweza kuiacha. Abiria wengi walikuwa wanaiangalia, na mzee mmoja aliyeketi karibu na mzigo wetu alianza kuhesabu kwa vidole majina ya vijiji alivyokuwa akinunua mananasi. Nilifanya hivi: nilianza kurekodi nikiwa ukingo wa kushoto, nikatembea polepole bila kukata, nikapita mbele ya kitenge chekundu, nikamaliza ukingo wa kulia nikiangalia kisiwa. Mtazamaji anavuka sitaha pamoja nami, kwa hiyo anapoona maji yanakwenda upande mwingine anajua sababu. Zaidi ya hapo nilichukua picha mbili zisizo na kushoto wala kulia: moja kutoka mbele ya meli, maji yakija moja kwa moja, nyingine kutoka nyuma, povu likinyooka kuelekea Bukavu. Picha za namna hiyo ni za kuhifadhi, kwa sababu zinaweza kukaa kati ya vipande viwili vinavyogombana.

Kila kipande nilikishikilia sekunde kumi bila kutikisika, hata kama najua nitatumia nne tu. Sekunde za pembeni ndizo zinazokupa nafasi ya kuchagua mahali pa kukata.

Sauti: nilikaa mahali pamoja, nikafunika mikrofoni ya simu kwa kipande chembamba cha sponji kuzuia upepo, nikarekodi mngurumo wa injini kwa dakika tatu bila kusema neno. Nilirekodi tena pale injini ilipopunguzwa tukikaribia Goma. Nitaeleza baadaye kwa nini.

Bandarini, Bukavu na Goma pia, kamera haipendwi. Niliomba ruhusa Bukavu, nikaruhusiwa kupiga mzigo wangu peke yake. Nilipiga kitenge, kamba na mikono ya mbebaji, bila sare na bila ofisi. Goma nilikatazwa, nikaweka simu mfukoni. Hakuna picha inayostahili simu kuzuiwa na mzigo wa Mama kubaki nje.

Nje ya bandari chukudu ilikuwa inangoja. Dereva wake aliilaza meza kwenye ubao, akaweka kichwa cha cherehani juu yake na kufunga kila kitu kwa mpira wa tairi. Barabara ilimpeleka kulia kwenda kushoto nilipokuwa nimesimama, kwa hiyo nilivuka upande wa pili nikamwomba apite tena. Kuna wanaoigeuza picha kwenye montaji kama kioo cha kujitazamia. Goma huwezi: maandishi ya maduka yatasomeka kinyumenyume, na magari yataonekana yanaendeshwa upande wa kushoto wa barabara.

Montaji, mwanzo

Binamu yangu naye alikuwa anarekodi. Nilimwomba anitumie vipande vyake kwa WhatsApp kama `Document`, si kama video ya kawaida, maana video ya kawaida hubanwa na ubora wake hushuka.

Sikuvipanga kwa saa vilivyopigwa. Nilifungua mafolda kwa jina la aliyeishika cherehani: Mama, mbebaji wa Kadutu, meli, chukudu, mama mdogo. Folda la meli lilijaa, la mbebaji lilikuwa na vipande vichache. Hapo ndipo nilipoona umbo la video kabla sijakata chochote: ziwa likiachwa lichukue kila linachotaka, litameza safari yote. Nimelipa dakika mbili.

Kisha nikafanya jaribio la mwelekeo. Nilitengeneza nakala moja ambayo Kalehe inafuatwa moja kwa moja na Idjwi, na nyingine yenye ile picha ya kuvuka sitaha katikati. Nikamwonyesha dada yangu mkubwa zote mbili, bila sauti, bila maelezo. Kwenye ya kwanza aliuliza: “Hapa mmegeuza? Mmesahau kitu Bukavu?” Kwenye ya pili hakuuliza lolote, alianza kuzungumzia yule mzee wa mananasi. Ninapendekeza kipimo hiki kwa yeyote: mtu ambaye hakusafiri, sauti imezimwa, na wewe unanyamaza. Swali lake la kwanza linakuonyesha mahali pa kukata upya.

Montaji, sauti

Kila kipande cha melini kina mngurumo wake. Karibu na injini ni mzito, mbele ya meli ni upepo, chini ya turubai ni sauti za watu. Ukiviunganisha hivyo hivyo, sikio linaruka kila unapokata, na mtu anahisi ametupwa huku na huku hata kama picha zinafuatana vizuri. Zile dakika tatu za injini nimezilaza chini ya sehemu yote ya ziwa, mfululizo, na sauti za vipande vyenyewe nimezishusha hadi zisikike kidogo tu. Sasa picha zinabadilika lakini meli ni moja.

Bandari ya Goma sina picha yake, na hapo ndipo injini inayopunguzwa inanisaidia. Katika CapCut nimegusa kipande, nikachagua `Extract audio`, nikaivuta sauti iendelee baada ya picha yake kuisha. Tunaona kamba ya meli, mngurumo unashuka, na kabla haujafa tunaona gurudumu la mbao la chukudu likipita juu ya mawe meusi ya lava. Sikuandika “Goma” kwenye kioo. Jiwe lile jeusi, ambalo volkano ililimwaga mjini mwaka 2002 na watu wakalijengea kuta, linatosha kwa mtu wa Kivu. Kwa mtazamaji wa mbali, sauti ya mama mdogo inatangulia sekunde mbili kabla hajaonekana: “Karibuni Goma, mmechelewa!”

Mwisho wa video ulikuwa umeshajichagua. Mama mdogo anafungua kitenge, anatia mafuta tone kwa tone kwenye matundu ya juu, anazungusha gurudumu kwa mkono, halafu anakanyaga. Nilitaka kuweka muziki hapo. Nimeuondoa, kwa sababu mlio wa cherehani ndio jibu la swali la mwanzo na hauhitaji kufunikwa.

Ilipofikia

Video ina dakika sita na nusu. Sehemu ya Kadutu bado ni fupi na inakimbia, kwa hiyo Jumamosi nitarudi kwenye ule mteremko kurekodi hatua na sauti za mtaa, pembe ileile, kushoto kwenda kulia, saa ileile ya asubuhi ili vivuli vilingane. Kitenge kimebaki kwa mama mdogo, na sitakiigiza kwa kingine. Nitapiga njia peke yake, miguu ya wapita njia na ziwa likionekana chini kati ya mabati. Baada ya hapo nitamwita dada tena, simu ikiwa imezimwa sauti.