Ninavyoendesha IgG kwenye jeli ya SDS, yenye DTT na isiyo na DTT

Watu wengi hutia protini kwenye bafa ya sampuli, wakachemsha, wakapakia, basi. Bafa ile ina SDS na DTT, dawa ya kuvunja vifungo vya salfa, juu yake kuna moto wa nyuzi 95, na vyote vitatu huishia kuonekana kama kitu kimoja. Kumbe kila kimoja kina kazi yake. Mimi huvitenganisha kwa kutumia kingamwili ya IgG, kwa sababu umbo lake linajulikana vizuri: minyororo miwili mizito ya takriban kilodaltoni 50 kila mmoja, na miwili myepesi ya takriban 25, yote ikishikanishwa na vifungo vya salfa kwa salfa. Ukijumlisha unapata 150.

Tuanze na SDS. Ni sabuni yenye mkia unaokimbia maji na kichwa chenye chaji hasi. Mikia hujibana kwenye protini hadi takriban gramu 1.4 za SDS kwa kila gramu ya protini, sawa na molekuli moja ya SDS kwa kila asidi amino mbili hivi. Chaji ya asili ya protini humezwa na wingi huo wa chaji hasi, na zote huelekea upande wa chanya. Hapa ndipo wengi husema protini ndogo hukimbia kwa kuwa ni nyepesi. Sivyo. Protini kubwa imebeba SDS nyingi zaidi, kwa hiyo umeme huivuta kwa nguvu zaidi pia, na kwenye maji matupu kubwa na ndogo zingekwenda karibu kasi moja. Kinachozitenganisha ni jeli yenyewe. Poliakrilamaidi ni wavu wenye matundu madogo sana. Mnyororo mfupi hupenya upesi, mrefu hukwama kila hatua. Ukibadilisha asilimia ya akrilamaidi unabadilisha ukubwa wa matundu.

Kwa IgG nachagua jeli ya asilimia 10. Ya 12 huibana ile ya 150 karibu na mdomo wa jeli, na ya 7 huuacha mnyororo mwepesi ukimbie pamoja na rangi ya kufuatilia mwendo. Kwa mililita 10 za jeli ya chini: maji mililita 4.0, mchanganyiko wa akrilamaidi na bisi wa asilimia 30 mililita 3.3, Tris ya molari 1.5 yenye pH 8.8 mililita 2.5, SDS ya asilimia 10 mililita 0.1, APS ya asilimia 10 mililita 0.1, na mwishoni kabisa TEMED maikrolita 4; hizi mbili za mwisho ndizo huigandisha jeli. Glavu ni lazima, kwani akrilamaidi ambayo haijaganda hudhuru mishipa ya fahamu. Juu yake huja jeli laini ya asilimia 5 yenye pH 6.8, ambayo kazi yake ni kuzikusanya protini ziwe ukanda mwembamba kabla hazijaanza kuchujwa. Isipoganda, mtuhumiwa wangu wa kwanza huwa ni APS iliyokaa muda mrefu.

Sasa sampuli. Bafa ninayotumia ina nguvu mara nne: Tris milimolari 250 ya pH 6.8, SDS asilimia 8, gliseroli asilimia 40 na bromofenoli bluu kidogo, ambayo ndiyo ile rangi ya kufuatilia mwendo. DTT siweki humo. Huoksidika ikikaa, kwa hiyo naihifadhi peke yake kwenye friza ikiwa na molari 1. Mrija wa kwanza: IgG ya miligramu 0.4 kwa mililita, maikrolita 10, bafa 5, DTT 2, maji 3. Jumla 20, na DTT inakuwa milimolari 100. Mrija wa pili ni huohuo, ila badala ya DTT naweka maji, yaani maji 5. Yote miwili nyuzi 95 kwa dakika 5, kisha naizungusha kwenye sentrifuji kidogo ili mvuke ulioganda kwenye kifuniko urudi chini. Napakia maikrolita 15, ambazo ni maikrogramu 3 za protini.

Kuchemsha kunafanya nini? Protini iliyojikunja imeficha sehemu zake zinazokimbia maji ndani, na SDS haifiki huko kirahisi. Joto huitikisa hadi ifunguke, mikia ya SDS ikaingia na kuizuia isijikunje tena. Protini ngumu huonyesha jambo hili waziwazi: ile ya kijani inayong'aa, GFP, ukiipakia bila kuichemsha huendelea kung'aa ndani ya jeli ya SDS, na husimama mahali pasipolingana na ukubwa wake. Lakini joto halikati kifungo cha salfa kwa salfa. Kile ni kifungo cha kikemia hasa, na ndicho kinachokatwa na DTT: huzipa salfa mbili hidrojeni, yenyewe ikajifunga kuwa pete. Beta-merkaptoethanoli hufanya kazi hiyohiyo, ila huhitajika nyingi zaidi na harufu yake inakera.

Kwenye jeli, kati ya njia ya mrija wa kwanza na ile ya mrija wa pili huacha vishimo viwili, nikiviwekea bafa tupu. DTT ni molekuli ndogo, hutambaa pembeni, na njia jirani isiyo na DTT huanza kuvunjika upande mmoja tu; ukanda wake unapinda au unatoa kivuli chini. Umeme naweka volti 80 hadi rangi iingie jeli ya chini, kisha 120 hadi ikaribie ukingo.

Baada ya kuitia jeli rangi ya Kumasi, inayoshika protini, njia isiyo na DTT huwa na ukanda mmoja mkubwa karibu na 150. Yenye DTT ina miwili, 50 na 25. Ule wa 50 huwa mzito zaidi ingawa idadi ya minyororo ni sawa, kwa sababu rangi hufuata uzito: katika zile maikrogramu 3, takriban 2 ni za minyororo mizito na 1 ni ya myepesi. Mnyororo mzito una sukari pia, hivyo usishangae ukisimama juu kidogo ya 50.

Njia yenye DTT ikitoa kanda za 125, 100 na 75, hizo si uchafu. Ni IgG iliyokatwa nusunusu: 125 imepoteza mnyororo mwepesi mmoja, 100 ni mizito miwili peke yake, 75 ni mzito mmoja na mwepesi mmoja. DTT imechoka au ni kidogo. Fungua mrija mpya.

Kanda hizohizo zikijitokeza kwa ufifi kwenye njia isiyo na DTT, kisa ni kingine. Wakati wa kuchemsha, salfa zilizo huru hushambulia vifungo vya jirani na minyororo hubadilishana wenzi. Hapo maikrolita 2 za yale maji 5 nazibadilisha na N-ethilmaleimidi ya milimolari 100, iingie kabla ya joto, ili izifunge salfa huru. Na kama bado, napunguza joto hadi nyuzi 70 kwa dakika 10. Dawa hiyo isiguse mrija wenye DTT, kwani itaimaliza DTT yenyewe.