Gridi yangu ya ETH/USDT

Wiki tatu, hapa Ngamiani Tanga, kila asubuhi nilikagua gridi yangu, yaani oda nilizopanga ngazi kwa ngazi kununua na kuuza sarafu ya kidijitali ya ETH, kabla chai haijapoa. Oda tano za kununua, kuanzia dola 2,560 hadi 2,400, kila moja 0.02 ETH, iliyonunua inauza dola 40 juu. Bei ilikuwa inapanda na kushuka palepale, na kila mzunguko uliniachia kama senti 70 baada ya makato. Mizunguko 18, dola 12.60. Nilifurahi sana.

Kisha bei ikaporomoka moja kwa moja hadi 2,200. Oda zote tano zilinunua, hakuna iliyouza: nimeshika 0.1 ETH kwa wastani wa 2,480, hasara dola 28. Imeniuma. Oda ya kukata hasara pale 2,360 ingenigharimu dola 12 tu. Kwenye gridi ijayo nitaiweka oda hiyo kwanza, kabla ya nyingine yoyote.