Hitilafu si chanzo: nilichopata kwenye cheti cha msingi cha ITIL

Katikati ya Julai 2024, msimu wa wageni ukiwa umepamba moto, msimamizi wa kambi yetu ya Serengeti aliingia ofisini kwetu hapa Arusha akiwa bado na vumbi la njiani. Alikuwa porini wiki tatu. Sote tunamwita Mzee wa Kambi.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mtandao wenu umenikataa tena."

Nilifungua laptopu yake nikaandika amri ambayo kila fundi wa sapoti anaiandika kabla hata hajavuta kiti:

```
ipconfig
```

Anwani iliyotokea ilianza na 169.254. Maana yake kompyuta imeomba anwani ya mtandao kwa seva ya DHCP, ile inayozigawa, haikupewa, ikajipa yenyewe anwani isiyoipeleka popote. Nikazima, nikawasha, nikasubiri. Safari ya pili ikapata anwani, Mzee akashukuru. Nikarudi mezani, nikaandika kwenye tiketi "imetatuliwa baada ya kuwasha upya", nikaifunga.

Wakati huo nilikuwa nasoma ITIL, taratibu za kusimamia huduma za IT, toleo la nne, kwa miezi minne, usiku, nyumbani Sakina. Nilianza kwa sababu tangazo la kazi niliyoitamani lilitaka cheti hicho, na sikutegemea kitabu cha taratibu kiniambie lolote kuhusu waifai ya ofisi. Sura iliyonigusa ni ile inayotenganisha mambo mawili ambayo sisi kwa Kiswahili chetu cha kazini tunayaita kwa neno moja. Mtu akikwama hupiga simu, "IT, kuna tatizo." Fundi akienda anaondoa tatizo, ripoti ya mwezi inahesabu matatizo. Kumbe ITIL inataka maneno mawili. Huduma ikikatika au ubora wake ukishuka bila kupangwa, hiyo ni hitilafu, ambayo kwenye programu yetu ya tiketi inaitwa `Incident`. Kile kinachoizaa, au kinachoweza kuizaa, ndicho chanzo, nacho kinaitwa `Problem`. Hitilafu unaiondoa haraka ili mtu arudi kazini. Chanzo unakichunguza, na uchunguzi una tiketi yake, mtu wake na muda wake. Ukifunga ya kwanza hujaigusa ya pili.

Kwenye programu yetu sehemu ya `Problem` ilikuwepo tangu tuinunue. Haikuwa na tiketi hata moja.

Jumamosi moja nilitoa tiketi zote za wiki sita zilizotaja kukosa mtandao. Zilikuwa 31. Sisi wanne tulikuwa tumezigawana, kila mmoja akaona zake saba au nane, kwa hiyo hakuna aliyeshtuka. Nilipozipanga kwa jina la mlalamikaji, siku na anakotoka, 26 zilikuwa za watu waliokuwa nje ya ofisi zaidi ya wiki moja: wasimamizi wa kambi, madereva waongozaji, dada wa uhasibu aliyerudi likizo. Wanaokaa ofisini kila siku ilikuwa nadra walalamike. Hapo nikajua sitafuti kompyuta mbovu.

Nikaenda kwenye seva, nikauliza hali ya anwani:

```
Get-DhcpServerv4ScopeStatistics
```

Anwani huru zilikuwa sifuri. Tulikuwa tumetenga anwani kuanzia .50 hadi .250, yaani 201. Vifaa vya ofisi, pamoja na simu za wafanyakazi, ni kama 60, hivyo zinabaki 141. Lakini wageni wetu huja kwanza ofisini kupewa maelekezo kabla ya kwenda mbugani, na huunganisha simu zao kwenye waifai hiyo hiyo. Mgeni anakaa saa moja anaondoka, ila anwani aliyopewa seva inamtunzia kwa siku nane, ambao ndio muda uliokuja na seva ya Windows na sisi hatukuugusa. Gawanya 141 kwa siku nane, unapata simu 17 kwa siku. Aprili, mvua zikinyesha, hatufiki huko. Julai tunapita bila shida.

Kompyuta ya mezani haikuguswa kwa sababu inaongeza muda wa anwani yake ukiwa umefika nusu tu, kila siku nne, haipotezi nafasi. Mzee akikaa Serengeti wiki tatu, anwani yake inaisha, anapewa mtalii. Na kule kuwasha upya tulikokuamini hakukufanya chochote. Kulichukua dakika tano, na ndani ya dakika hizo wakati mwingine anwani ya mgeni wa wiki iliyopita ilikuwa imeisha muda ikaachwa wazi.

Nilifungua tiketi yetu ya kwanza ya chanzo. Kosa nililofanya baada ya hapo ni kuharakisha. Alhamisi mchana nilipunguza muda wa anwani kutoka siku nane hadi saa nane, bila kumwambia mtu, nikidhani kesho yake kutakuwa shwari. Hakukuwa shwari, kwa sababu muda mpya unashika anwani zinazotolewa au kuongezewa muda kuanzia hapo. Zile za simu zilizokwisha kuondoka zilibaki na siku zao za zamani. Wenzangu wakawa wanapokea malalamiko wasijue kuna kilichobadilishwa, mmoja akapoteza asubuhi nzima akikagua swichi. Kitabu kinasema mabadiliko yoyote yanayoweza kuathiri huduma hupimwa hatari yake na kuidhinishwa kwanza, na hadi siku ile nilikuwa nimelikariri hilo kama jibu la mtihani.

Basi nikafuata njia. Niliandika kwenye tiketi kwamba chanzo kinajulikana ila hakijaondolewa, pamoja na njia ya muda: kila asubuhi aliye zamu anafuta kwenye seva anwani za simu za wageni waliokwisha kuondoka. Nikamwandikia bosi ombi la mabadiliko la nusu ukurasa. Tunahamishia wageni kwenye VLAN yao, yaani mtandao uliotengwa ndani ya swichi zile zile, wenye anwani zao na muda wa saa mbili. Kazi itafanyika Jumapili jioni, mapokezi wataarifiwe, na ikishindikana tunarudisha mipangilio ya swichi tuliyoihifadhi. Alisaini siku hiyo hiyo. Jumapili tulimaliza kwa saa moja na nusu. Wiki sita zilizofuata tulipata tiketi mbili za kukosa mtandao, zote mbili kebo.

Mtihani wenyewe niliufanya Septemba hiyo. Ni maswali 40 ya kuchagua, dakika 60, bila kitabu, na kufaulu ni 26. Ukiufanya kwa lugha isiyo yako unaongezewa dakika 15, kwa hiyo nilipata 75, nikazihitaji kweli, maana maswali yanategemea neno moja moja. Niliufanya nyumbani nikiangaliwa kwa kamera, meza tupu, mlango umefungwa, ruta na laptopu zikiwa kwenye betri kwa hofu ya umeme wa Sakina. Kwa hatua hii ya msingi unaweza kujisomea mwenyewe, nami sikuhudhuria darasa lolote. Nilipata 33.

Watu wengi wa IT hapa mjini na Moshi wananiuliza kama wakifanye. Ninawauliza kwanza mko wangapi. Ukiwa fundi peke yako shuleni au hotelini, mwenye kupokea simu ndiye mwenye kubadilisha swichi, na chanzo unakikumbuka kichwani. Cheti hakitakuongezea mengi, weka fedha kwenye mtandao na seva. Ukiwa ndiyo kwanza unaanza sapoti, vilevile. ITIL haikufundishi DHCP ni nini. Mimi zile tiketi 31 zilinionyesha pa kutazama, lakini kilichonifanya nielewe sifuri ile ni miaka minne ya kuvuta kebo.

Anayefaidika zaidi ni yule wa kikundi cha watatu au zaidi, ambapo tiketi zinapita mikononi mwa watu tofauti na hakuna anayeona picha nzima. Hapo maneno yakiwa ya pamoja, kazi inabadilika. Na ni bora asome kiongozi wa zamu pamoja na fundi mmoja wa pili kuliko kumpeleka mkuu wa idara peke yake. Mwajiri wa tangazo lile aliniita kwenye usaili, na swali la ITIL lilikuwa moja tu: nieleze tofauti ya hitilafu na chanzo. Niliwasimulia habari ya Mzee wa Kambi. Kazi nyingine nilizoomba hawakuuliza kabisa.

Kuhusu ngazi za juu, nimezitazama kwa makini kwa sababu mimi nimeshawishika kuendelea. Zinataka usome kwa mtoa mafunzo aliyeidhinishwa, huwezi kujisomea tu kama msingi, na bei niliyoletewa kwa moduli moja ilikuwa mara kadhaa ya nilicholipa mwanzo. Kwenye toleo la nne, njia ya Managing Professional ina moduli nne, inamfaa anayesimamia huduma nyingi na watoa huduma wa nje. Strategic Leader ni ya wanaopanga mwelekeo wa kampuni, na kwa mtu wa sapoti sioni ataitumia wapi. Ninayoiona ina maana kwetu ni ile inayoitwa Monitor, Support and Fulfil, kwa kuwa mambo yake matano ndiyo siku yetu nzima: hitilafu, vyanzo, dawati la huduma, maombi ya kawaida, na ufuatiliaji wa mitambo. Hata hivyo inamfaa anayeamua taratibu za dawati, na fundi ambaye bosi wake hatakubali kubadili chochote ataisoma bure.

Kuna hesabu moja zaidi. Vyeti hivi sasa vinadumu miaka mitatu, na njia moja ya kukihuisha ni kufaulu mtihani mwingine wa mfululizo huo huo. Changu kinaisha Septemba 2027. Bosi amekubali kulipa nusu ya moduli hiyo, kwa sharti kwamba kwanza nimwonyeshe tiketi nyingine tatu za chanzo zilizofungwa kwa sababu ya kweli. Ya kwanza nimeshaianza, ni printa ya mapokezi inayogoma kila Ijumaa.